Kabla ya kupokea pesa ya kwanza ya mteja

Wakili au dalali anayefungua ofisi Dar es Salaam huanza na meza, mhuri na bango. Mimi ningeanza benki, na akaunti mbili: ya ofisi, na nyingine yenye neno "Wateja" ndani ya jina lake, ili hata karani wa benki ajue pesa hizo si za ofisi. Hapohapo kubaliana na benki kwa maandishi kwamba makato yote yatatozwa akaunti ya ofisi. Wengi husahau hili, na ada ya kuhamisha pesa za mteja mmoja huishia kulipwa na mteja mwingine.

Jambo la pili ni leja, ukurasa mmoja kwa kila mteja. Benki inakuonyesha jumla tu. Haijui shilingi ipi ni ya nani.

Tuseme mnunuzi wa kiwanja Kigamboni anakuwekea 47,000,000: bei 45,000,000, ada yako 1,500,000, na 500,000 za gharama. Katika akaunti hiyohiyo kuna 8,000,000 za mirathi ya mjane wa Temeke na 3,000,000 za dhamana ya mpangaji wa fremu Kariakoo. Jumla 58,000,000. Unamlipa muuzaji, unatoa ankara na kuhamisha ada yako, kisha mpima ardhi anadai 700,000. Unamlipa, maana pesa benki zipo.

Mwisho wa mwezi benki inasoma 10,800,000, na daftari la fedha vilevile. Ukijumlisha leja, mirathi 8,000,000, mpangaji 3,000,000, na mnunuzi hasi 200,000, unapata 10,800,000. Hesabu tatu zimelingana, na bado 200,000 kati ya ulizomlipa mpima ardhi ni pesa za mjane au za mpangaji.

Ndiyo maana kulinganisha jumla hakutoshi. Kabla ya kuidhinisha malipo yoyote, fungua ukurasa wa mteja husika uone kama salio lake linatosha. Likipungua, mnunuzi aongeze kwanza, na mpima asubiri. Kama umeshateleza, akaunti ya ofisi irudishe 200,000 siku hiyohiyo, kisha wewe ndiye umdai mnunuzi. Hundi nayo isubiri iive: ukilipa kabla haijapita kisha ikarudi, shimo ni lilelile, ila kubwa zaidi.

Pesa za simu zina mtego wake. Mteja akituma kwenye namba yako binafsi, zimeshachanganyika na za vocha na za sokoni. Mpe namba ya akaunti ya wateja mapema, imeandikwa kwenye barua ya makubaliano.

Na ada yako? Isitoke kabla ya ankara kumfikia mteja, lakini ikishaiva ihamishe yote. Kuna wanaoiacha mle iwe akiba ya kuziba mapengo. Hao wameshachanganya pesa zao na za wateja, na salio hasi kwenye leja haliwashtui tena.