Mambo ya kuzingatia kabla ya kumleta nyumbani Mwislamu aliyefia ng'ambo

Ndugu akifariki ng'ambo, jambo la kwanza ni kuamua kama arudishwe au azikwe hukohuko. Masheikh wengi wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi huku kwetu, hawaridhii maiti kusafirishwa mbali, na familia inayokubali azikwe alikofia inaweza kumswalia Swala ya ghaibu hapa Moshi au Arusha. Amueni siku hiyohiyo, na anayezungumza na hospitali awe mtu mmoja tu.

Mkiamua kumleta, fuatilieni cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhiwa kwa dawa, barua ya daktari kwamba hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi wetu. Jina lisomeke vilevile katika karatasi zote. Bili ya hospitali ilipwe mapema.

Jambo ambalo karatasi hizo hazilisemi ni josho. Ili maiti ipande ndege, kwa kawaida hudungwa dawa ya formalini mishipani, kisha huwekwa katika sanduku lenye bati ndani, na bati hilo huchomelewa pande zote ili hewa wala majimaji yasitoke. Wanaofanya kazi hiyo wanatimiza masharti ya usafiri, na wala si wajibu wao kujua kwamba Mwislamu huoshwa na kuvishwa sanda kabla ya kuswaliwa.

Baba yangu mdogo alifia hospitalini India alikokwenda kutibiwa figo. Karatasi zake zilikuwa kamili, nasi tukaona kazi imekwisha. Sanduku lilifika KIA asubuhi, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Moshi, na maziko yalikuwa yametangazwa kuwa baada ya Adhuhuri. Tulipofika msikitini sheikh aliuliza swali moja tu: "Ameoshwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Tulipiga simu hospitalini, tukaambiwa kwamba mwili "umesafishwa na kuhifadhiwa", maneno ambayo hayakumwambia sheikh kama marehemu alipata josho wala kama alikuwa ndani ya sanda au ndani ya shuka ya hospitali. Sheikh alitaka afunguliwe na kuoshwa, ila hatukuruhusiwa kugusa bati mpaka ofisa afya afike, na alipofika ilibidi atafutwe fundi wa kulikata. Waosha walifanya kazi huku harufu ya formalini ikiwachoma macho, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaletea glavu nzito wala barakoa. Tulimzika baada ya Magharibi, kwa mwanga wa taa za magari, na shangazi zangu walikuwa wamekaa wakisubiri tangu asubuhi.

Kwa hiyo, kabla hamjalipia sanduku, tafuteni msikiti ulio karibu na hospitali hiyo na mwombe watu wa kuosha, wanaume kwa marehemu mwanamume na wanawake kwa marehemu mwanamke. Nashauri josho lifanyike baada ya dawa kudungwa na kabla ya bati kuchomelewa, kwa kuwa sehemu zilizodungwa huweza kuvuja na kuchafua sanda. Sanda iwe tayari hapohapo: vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke. Mwombeni imamu aandike barua fupi yenye tarehe, jina lake na namba yake ya simu, akitaja kwamba marehemu ameoshwa na kukafiniwa. Barua hiyo isifungiwe ndani ya sanduku. Ije na hati za ndege.

Muulizeni pia ofisa afya mapema kama sanduku litafunguliwa. Likifunguliwa, kaburi lenye mwanandani linatosha. Asiporuhusu, mwanandani hauwezi kupokea sanduku, na kaburi pana lichimbwe kwa vipimo vyake, ambavyo mtavipata kwa aliyelitengeneza. Mwagizeni aandike kwa rangi upande wa kichwa, na amgeuze marehemu kwa ubavu wa kulia kabla ya kufunga, maana baada ya hapo hakuna awezaye kumgeuza. Kwetu kibla kiko kaskazini, na kwa aliyeko Moshi mjini ni upande wa Kibo. Kichwa kikae mashariki, uso uelekee mlimani. Sanduku lisilo na alama linaweza kuingizwa kinyume, marehemu akaipa kibla kisogo bila mtu kujua.

Maiti hupokelewa KIA upande wa mizigo, si mlango wa abiria, na mpokeaji awe yuleyule aliyeandikwa kwenye hati ya mzigo, akiwa na kitambulisho chake. Saa ya maziko isitangazwe mpaka sanduku liwe mikononi mwenu, kwa sababu linaweza kubaki katika uwanja wa kuunganishia ndege. Tembeeni na nakala za kila karatasi, glavu na barakoa za waosha ziwe ndani ya gari, na simu ya imamu wa kule isizimwe mpaka mmerudi kutoka makaburini.