Mpira wa maji mita ngapi? Pima kwenye picha ya ramani

Mkulima mmoja wa nyanya huku Magu alinionyesha kwenye simu picha ya ramani ya kijiji, ile inayobandikwa ukutani ofisini. Alitaka kujua anunue mpira wa mita ngapi kuvuta maji kutoka ziwani hadi shambani. Ramani imeandikwa 1:10,000, yaani sentimita moja ni mita 100. Aliweka rula juu ya kioo, akapata sentimita 3.2, akasema mita 320. Angenunua hiyo, maji yangeishia shambani kwa jirani.

Uwiano ule ni wa karatasi iliyoko ukutani. Ukishaipiga picha, ramani imesinyaa, lakini maandishi bado yanasema 1:10,000. Cha kutegemea ni kipimio cha mstari kilichochorwa chini ya ramani, maana chenyewe husinyaa na kutanuka pamoja na picha. Tulikipima: kutoka 0 hadi mita 500 kilikuwa sentimita 4. Kwa hiyo kwenye picha ile sentimita moja ni mita 125, na 3.2 zake ni mita 400.

Angalia 0 iko wapi. Ramani nyingi zina vipande vidogo kushoto kwa 0, na anayeanzia ukingoni hupotea. Tena ukishapima kipimio, usikuze picha kabla ya kupima shamba, la sivyo unaanza upya.

Mita 400 ni za ndege, mpira haupiti angani. Hapo ndipo ufunguo wa ramani unapohitajika. Mstari mweusi wa vidoti aliodhani ni njia ya miguu, ufunguo ulisema ni mpaka wa kitongoji. Njia yenyewe ilikuwa ya kahawia, na picha iliyopigwa gizani ilikuwa imeifubaza. Tuliilaza njia kwa uzi, kona kwa kona, tukaunyoosha uzi kwenye rula: sentimita 3.8, yaani mita 475.

Picha iliyopigwa kwa upande hudanganya pia. Pima fremu ya ramani juu na chini, kisha kushoto na kulia. Zikitofautiana, rudi ofisini, simama katikati, simu iwe sambamba na ukuta.

Hata picha ikiwa nzuri, milimita moja hapa ni mita 12 na nusu, na ramani haihesabu miinuko. Mpira unauzwa kwa rola za mita 100, kwa hiyo tano zingembakizia mita 25 tu. Nilimshauri kwanza atembee njia hiyo na kamba ya mita 20.

Ila zile mita 60 za hifadhi ya ufukwe, zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, usizipime kwenye picha kabisa. Ni chini ya milimita 5, na ukingo uliochorwa kabla maji hayajapanda mwaka 2020 huenda leo uko ndani ya ziwa.