Kuziba anwani, namba na sura kwenye picha ya bidhaa bila kuharibu ushahidi

Juzi nilimsaidia dada mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba. Betri aliyoinunua kwa ajili ya taa za kuvulia ilikuwa imevimba, akataka mafundi wengine waione kabla hajamrudia muuzaji. Picha zilikuwa tatu: betri juu ya boksi lake, risiti ya malipo ya simu, na paneli ya sola iliyokuwa na ufa.

1. Nakili picha zote. Zile za asili usiziguse kabisa, maana muuzaji akikana, ndizo utakazomwonyesha.

2. Amua kipi kibaki. Kwenye betri tuliacha modeli, volti, tarehe ya kutengenezwa na uvimbe wote hadi kwenye kingo. Kwenye risiti tuliacha tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala, ili muuzaji aweze kuilinganisha na kumbukumbu zake. Jina, namba ya simu na namba ya akaunti tukaziba.

3. Ziba kwa boksi jeusi tii. Kalamu ya rangi ya kwenye simu siipendi hata kidogo. Nyingi hupitisha mwanga: ukiona weusi mtupu, mwingine anaongeza mwangaza wa picha na tarakimu zinajitokeza. Kutia ukungu, au vigae yaani miraba ya rangi juu ya maandishi, nako hakufai kwa namba. Tarakimu ni kumi tu, kwa hiyo mtu anaweza kuandika kila moja kwa herufi zilezile, akaitia vigae vilevile na kulinganisha na yako mpaka zioane.

Mimi hutumia programu ya ImageMagick kwenye kompyuta, kwa kuandika amri hii:

```
magick nakala.jpg -auto-orient -fill black -draw "rectangle 420,610 980,700" -strip tayari.jpg
```

Namba mbili za kwanza ni kona ya juu kushoto ya boksi, mbili za mwisho ni kona ya chini kulia. Ukifungua picha kwenye programu ya GIMP na kusogeza kipanya, utazisoma chini ya dirisha. Boksi lizidi maandishi pande zote, kwani likibana jina, urefu wake unasaidia kulikisia. `-strip` huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo mahali picha ilipopigwa na kijipicha kidogo ambacho huenda bado kinaonyesha anwani.

Usisahau msimbo wa mistari na wa QR kwenye lebo ya mzigo. Tulikuwa tumeziba anwani, lakini QR ya pembeni ilipoangaliwa kwa simu ikatoa jina na namba yake ya simu. Ziba mraba mzima. Ukiziba kona tu, msimbo unaweza kusomeka bado, kwa sababu umetengenezwa kustahimili uharibifu.

4. Tafuta sura kwenye vitu vinavyong'aa. Kioo cha paneli kilimwonyesha yeye na mtoto wa jirani, na nyuma yao Jiwe la Bismarck, linalotosha kumwambia mtu ni Mwanza. Picha hiyo tuliipiga upya kutoka pembeni, maana boksi jeusi lingefunika ufa wenyewe.

5. Fungua `tayari.jpg`, ongeza mwangaza hadi mwisho. Weusi ukibaki sawasawa kote, itume.