Upotevu wa kawaida usiupe uniti linganifu: mfano wa sabuni

Juzi binti anayejifunza kazi ofisini kwetu aliniletea karatasi ya gharama yenye pengo la shilingi 251,111. Nililijua pengo lile kabla hajamaliza kueleza. Mimi liliwahi kunikesha.

Hesabu ni ya mwezi mmoja. Kilo 1,000 za malighafi ziliingia kwa sh 1,820,000. Ujira na gharama za kiwandani sh 640,000. Mafuta yakichujwa mwanzoni, asilimia 10 hutoka kama mashapo, nayo tunayauza sh 200 kwa kilo. Mwisho wa mwezi kilo 700 zilikuwa zimekamilika na 200 zilikuwa bado sufuriani, malighafi zote zimo ila kazi imefika nusu. Salio la mwanzo halikuwepo.

1. Sawazisha kilo. 700 + 200 + 100 = 1,000. Fanya kwa penseli. Excel ije baadaye, maana ukianza nayo utajaza fomula kabla hujaelewa kilo zimekwenda wapi.

2. Tafuta uniti linganifu, yaani kazi yote ya mwezi ihesabiwe kama kilo zilizokamilika. Malighafi: 700 + 200 = 900. Ujira na kiwanda: 700 + nusu ya 200 = 800.

Zile kilo 100 za mashapo hazimo popote, na hapa ndipo binti alipokwama. Yeye aliziingiza, akapata 1,000 na 900. Gharama kwa kilo ikashuka hadi sh 2,511.11 hivi, na mashapo yakabeba sh 251,111 ambazo hazikwenda kwenye sabuni iliyokamilika wala iliyobaki sufuriani. Upotevu tunaoutarajia unapaswa kulipiwa na kilo nzima, zile ambazo hazikupotea, kwa hiyo unapewa sifuri ili bei ya kilo nzima ipande. Ukiona pengo, ligawe kwa kilo za upotevu: likitoa gharama yako ya kilo moja, kosa ni hili.

Kinachoingia ni fedha ya mashapo tu, sh 20,000, nayo inapunguza malighafi: 1,820,000 − 20,000 = 1,800,000. Itoe mara moja. Usiiandike tena kama mapato mengine.

3. Gawa. 1,800,000 ÷ 900 = sh 2,000. 640,000 ÷ 800 = sh 800.

4. Thaminisha. Zilizokamilika: 700 × 2,800 = 1,960,000. Za sufuriani: 200 × 2,000 na 100 × 800, jumla 480,000. Zote 2,440,000, sawa na gharama iliyoingia baada ya kutoa mashapo.

Njia hii inafaa kwa sababu mashapo hutoka mwanzoni, na kilo zote, hata za sufuriani, zimeshapita hapo. Kama upotevu wako unaonekana mwishoni, kwenye kukata vipande, kilo za sufuriani hazijafika huko, basi usizibebeshe. Hapo upe upotevu uniti zake, toa mauzo ya mabaki kwenye gharama yake badala ya kwenye malighafi, kisha kinachobaki kiongeze kwenye zilizokamilika peke yake.