Jinsi ya kusoma taarifa ya ukaguzi wa gari kabla ya kununua, na namna ya kuitambua iliyoghushiwa

Nimekuwa fundi magari hapa Mbeya kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kumsindikiza mnunuzi anapokwenda kutazama gari lililotumika, hasa Haisi za abiria. Muuzaji huanza kwa kutoa karatasi ya ukaguzi na kuonesha stika kwenye kioo, kisha husema gari ni zima. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyoipima karatasi hiyo. Nitatumia Haisi moja niliyoikagua Mwanjelwa, kwa sababu taarifa yake ilikuwa imeghushiwa kwa ustadi kiasi kwamba kuitazama juu juu kusingesaidia.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha karatasi na stika. Stika ya bima inathibitisha bima tu, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya tiramis.tira.go.tz. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani nayo ni kitu kingine. Leseni ya LATRA ni kibali cha kubeba abiria. Unachokitafuta wewe ni taarifa ya mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, yenye jina na cheo cha aliyekagua, sahihi yake, muhuri wa kituo, namba ya taarifa na tarehe. Mara nyingi mnunuzi huridhika kwa kuona stika nyingi kwenye kioo, wakati hakuna hata moja inayozungumzia breki.

Hatua ya pili ni uhalali. Hesabu muda kuanzia siku gari lilipokaguliwa, wala usihesabu kuanzia siku stika ilipobandikwa, na usome tarehe ya mwisho kama ilivyoandikwa badala ya kukubali maneno ya muuzaji. Taarifa hueleza hali ya gari siku ile tu. Kwa hiyo, kama gari limepata ajali, limebadilishwa injini au limekatwa bodi na kuongezwa viti baada ya siku hiyo, taarifa haielezi tena gari lililo mbele yako, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Muulize muuzaji waziwazi kuhusu mambo hayo matatu, kisha uyatafute mwenyewe: rangi mpya upande mmoja, kulehemu kwa karibuni chini ya sakafu, boliti za kushikilia injini zilizofunguliwa juzi.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Weka karatasi pembeni na uanze na gari. Tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, uisafishe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, uisome kwa tochi na uiandike kwenye daftari lako kabla hujatazama kadi wala taarifa. Ukisoma karatasi kwanza, jicho lako litaona kile linachotarajia kukiona. Fanya hivyohivyo kwa namba ya injini. Kwenye Haisi injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kiti lazima kinyanyuliwe; usikubali kuambiwa kwamba ni usumbufu.

Haisi ya Mwanjelwa ilikuwa na chesisi inayoanza na KDH200. Kwa mtu anayezijua Toyota, herufi hizo zinasema jambo: KDH ni Haisi ya dizeli yenye injini ya familia ya KD, na TRH ni ya petroli yenye injini ya familia ya TR. Niliponyanyua kiti nilikuta injini ya 2KD, ya dizeli, kama ilivyostahili. Kadi ya gari nayo iliandika dizeli na 2KD. Ndipo nikafungua taarifa ya ukaguzi. Namba ya usajili ilikuwa sahihi na namba ya chesisi ilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, lakini namba ya injini ilianza na 1TR, na mahali pa mafuta pameandikwa petroli.

Muuzaji alijibu haraka, "Fundi, injini iliwahi kubadilishwa." Jibu hilo linaweza kuwa la kweli kwa gari jingine, na ndiyo maana huwa silitupi kabla ya kulipima. Kama injini ingebadilishwa kutoka petroli kwenda dizeli baada ya ukaguzi, chesisi ingebaki kuwa ya TRH. Hapa chesisi yenyewe ilikuwa ya dizeli tangu kiwandani. Mkaguzi aliyeandika 1TR hakuwa amesimama mbele ya gari hili. Mtu alikuwa amechukua taarifa halisi ya Haisi ya petroli, akabadilisha namba ya usajili na ya chesisi, akasahau mistari miwili.

Baada ya hapo, hatua ya nne, ndipo unaichunguza karatasi yenyewe. Ishikilie ielekee dirishani, kisha uimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Mahali palipofutwa nyuzi za karatasi husimama na kung'aa tofauti. Tazama muhuri kwa kioo cha kukuzia: muhuri wa kugonga huwa na wino mzito sehemu moja na hafifu sehemu nyingine, na hupita juu ya sahihi au chini yake, wakati muhuri uliochapwa kwa printa huonekana kama vidoti vidogo vya rangi mbalimbali. Muhuri wa taarifa ya Mwanjelwa ulikuwa na vidoti hivyo, na sahihi iliyokatiza ndani yake ilikuwa na vidoti vilevile. Tarehe ilikuwa 8 Agosti 2024, sikukuu ya Nane Nane. Tarehe ya namna hiyo peke yake haithibitishi kitu, maana askari hufanya kazi sikukuu pia, lakini ni sababu ya kuuliza.

Kwenye stika, pitisha ukucha pembeni. Iliyohamishwa kutoka kioo kingine huwa na vumbi lililonasa kwenye gundi, kona zilizokunjamana, au gundi ya pili iliyoongezwa. Linganisha pia kufifia: jua likiwa limepausha maandishi yote lakini tarehe imebaki nyeusi, tarehe iliandikwa baadaye. Kama kuna msimbo wa kuskani, usitazame ukurasa unaofunguka tu, soma anwani yake. Ya ofisi ya serikali, jina la tovuti huishia na .go.tz kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata, na maneno hayo yakitokea katikati ya anwani ndefu hayana maana.

Hatua ya tano ni kwenda na namba ya taarifa kwenye kituo kilichotajwa kwenye muhuri na kuomba ilinganishwe na nakala yao. Nenda wewe mwenyewe na usimtume muuzaji. Usimpokonye karatasi wala kumwita mwizi, kwa kuwa huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Piga picha tu, na usitoe malipo ya awali.

Sisi tulikwenda, na nakala ya kituo ilikuwa ya gari jingine. Muuzaji alikubali gari lipelekwe kukaguliwa upya. Mkaguzi alipovua drami ya nyuma kushoto, silinda ya breki ilikuwa inavuja na viatu vya breki vimelowa mafuta. Gari hilo lilikuwa linashusha abiria mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi kila siku.