Kusoma urari wa malipo ili ujue shilingi inaelekea wapi: kwa wenye yuro mkononi

Mwishoni mwa Januari 2024 yuro moja ilikuwa ikienda kwa shilingi 174 hivi. Mama mmoja wa hapa Malindi, mwenye vyumba vya kupangisha Waitaliano, alikuwa na yuro 3,000 ndani ya kabati na hakutaka kuziuza. "Nchi yanunua nje mara mbili na zaidi ya inavyouza," aliniambia. "Shilingi itashuka tu, mwanangu. Nangoja." Kufikia mwisho wa Machi yuro ilikuwa 142. Zile 522,000 zikawa 426,000 hivi.

Na kuhusu biashara alikuwa amesema kweli. Nakisi ya bidhaa ya Kenya, yaani kiasi ambacho ununuzi wa nje ulizidi uuzaji, ilikuwa karibu shilingi trilioni 1.6 mwaka 2023, na 2024 ilikaa karibu hapo hapo. Nilikaa naye na majedwali ya urari wa malipo, ile hesabu ya biashara, malipo na mikopo kati ya nchi na nje, tukatafuta kilichopandisha shilingi. Njia tuliyofuata ndiyo hii.

Hatua ya 1: Pata majedwali

Chukua taarifa ya kila wiki ya Benki Kuu ya Kenya na jedwali la urari wa malipo la kila robo mwaka kutoka Shirika la Kitaifa la Takwimu. Yote mawili ni ya bure mtandaoni. Kwa bei ya sarafu tumia wastani wa Benki Kuu, si ubao wa duka la kubadilisha pesa, kwa sababu ule ubao una faida ya mwenye duka ndani yake. Mimi huchapisha karatasi na kushika penseli. Michoro ya rangi hupendeza lakini huficha alama, na hapa kwenye alama ndipo penye kazi.

Hatua ya 2: Hesabu ya kawaida

Tafuta mstari `Current Account`. Nakisi inayotangazwa magazetini mara nyingi ni ya bidhaa tu: mafuta, mashine, ngano, nguo. Hesabu ya kawaida ni pana zaidi. Mgeni akilipa chumba Malindi kwa yuro, huo ni uuzaji wa huduma nje ya nchi, hata kama hajatoka ufukweni. Pesa za Wakenya walio ughaibuni nazo zinaingia hapa: karibu dola bilioni 4.2 mwaka 2023, na kama 4.9 mwaka 2024. Kwa hiyo shimo halisi ni dogo sana kuliko lile la bidhaa.

Angalia pia kwamba bidhaa kufika si sawa na dola kutafutwa. Tangu 2023 Kenya inachukua mafuta kutoka kampuni za Saudia na Imarati kwa mkopo wa siku 180. Meli ikishusha mafuta Mombasa leo, nakisi inaandikwa leo, lakini dola za kuyalipia zinatafutwa miezi sita baadaye.

Hatua ya 3: Hesabu ya fedha, na alama zake

Hapa ndipo tulipokaa mchana kutwa hadi chai ikapoa.

Mstari unaitwa `Financial Account`. Mama aliona namba yenye alama ya kutoa akasema, "Basi pesa zimetoka." Hapana. Katika mfumo unaotumika sasa, hesabu hii ni mali tulizopata nje ukitoa madeni tuliyojitwika. Serikali ikiuza hatifungani kwa wageni, dola zinaingia lakini deni limeongezeka, kwa hiyo namba inaandikwa kwa alama ya kutoa. Hasi maana yake dola zimekuja.

Uhusiano ni huu:

```
kawaida + mtaji + makosa na mapengo = fedha
```

Mtaji ni misaada ya kujengea mali, na makosa na mapengo ni yale ambayo takwimu hazikunasa. Tuseme hesabu ya kawaida ni −100, na mtaji na makosa ni sufuri. Basi fedha lazima iwe −100. Sasa ivunje vipande viwili: akiba, yaani fedha za kigeni zilizowekwa Benki Kuu, na yote yasiyo akiba. Ikiwa bila akiba ni −120 na akiba ni +20, wageni wameleta 120. Mia imeziba shimo, ishirini imeingia Benki Kuu. Ikiwa bila akiba ni −70 na akiba ni −30, wageni wameleta 70 tu na Benki Kuu imechota thelathini kutoka ghalani. Shimo ni lile lile mia, lakini katika hali ya pili shilingi iko taabani.

Tatizo ni kwamba majedwali ya zamani, na baadhi ya ripoti za sasa, hugeuza alama: akiba ikiongezeka wanaandika hasi. Usikisie. Chagua mwaka unaojua hakika kwamba akiba iliongezeka, kisha tazama mstari `Reserve Assets` wa mwaka ule. Ukiwa chanya, uko kwenye mfumo mpya. Ukiwa hasi, soma alama za hesabu yote ya fedha kinyume. Usichanganye jedwali la mfumo mmoja na la mwingine kwenye karatasi moja.

Mwisho, tazama `Net Errors and Omissions`, yale makosa na mapengo. Namba hii ikiwa kubwa kukaribia hesabu ya kawaida yenyewe, usitoe hukumu yoyote kwa robo mwaka hiyo.

Hatua ya 4: Weka matukio kando ya bei

Robo mwaka ni pana mno, kwa hiyo andika matukio ya wiki kwa wiki. Mwaka 2023 hofu ilikuwa moja: Yurobondi, yaani hatifungani iliyouzwa nje kwa dola, ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Akiba ilikuwa imeshuka chini ya kiasi kinachotosha miezi minne ya kuagiza bidhaa, kiwango ambacho Benki Kuu hulenga kutoshuka chini yake. Walioona hatari walificha dola, na walioagiza mali walinunua mapema. Kuficha huko kulipandisha dola hadi karibu 160.

Desemba 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, kisha Februari hadi 13. Katikati ya Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Yurobondi mpya na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Wiki hiyo hiyo hatifungani ya miundombinu iliuzwa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaja nayo dola. Hofu ikaisha, waliokuwa wameficha dola wakakimbilia kuuza, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132.

Lakini kilichokuja ni deni, tena la bei ghali. Riba yake kwa wageni itahitaji dola kupitia hesabu ya kawaida miaka ijayo, na mwenye hatifungani anaweza kuuza na kuondoka.

Hatua ya 5: Bei isiposogea, tazama akiba

Tangu katikati ya 2024 dola ilikaa kwenye 129 hivi. Hilo halimaanishi dola zilizoingia zililingana na zilizotoka. Akiba ilipanda hadi kupita dola bilioni 9 mwanzoni mwa 2025. Dola zinapozidi na Benki Kuu ikazinunua, ongezeko linaonekana ghalani, si kwenye bei. Akiba ikianza kupungua wiki baada ya wiki huku bei imetulia, hapo ndipo pa kuwa macho.

Kwa wenye yuro

Urari wa Kenya unakuambia habari ya dola na shilingi. Yuro na dola ni kesi nyingine. Mwanzoni mwa 2025 yuro ilikuwa kama dola 1.03, kufikia Julai ilikuwa 1.17. Dola haikutoka 129, lakini yuro Malindi ilipanda kutoka kama 133 hadi 151, na Kenya haikufanya lolote. Kwa hiyo kabla ya kuweka yuro kabatini, gawanya bei ya yuro kwa bei ya dola. Jibu likipanda huku dola imetulia, sababu iko Ulaya na Marekani, na jedwali la Nairobi halitakusaidia.