pH ya asidi kaboniki: kwa nini mtengano wa kwanza unatosha

Wiki iliyopita mwanafunzi ninayemfundisha hapa Nairobi aliniletea daftari. "Mwalimu, nimepata pH 5.99, lakini mita ya maabara inasoma karibu 4. Mita imeharibika?" Mita ilikuwa nzima. Hesabu ndiyo iliyopotoka, na ilipopotokea ndipo wengi hupotea. Tuifanye upya.

Alikuwa amepitisha gesi ya kaboni dioksidi katika maji safi ya nyuzi 25 mpaka yakashiba. Kwanza tutafute ukolezi. Kwa shinikizo la angahewa 1 la gesi hiyo, lita moja ya maji huyeyusha karibu moli 0.034. Sisi lakini tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo la kama angahewa 0.82. Ondoa 0.03 ya mvuke wa maji, inabaki 0.79 ya gesi:

```
C = 0.034 × 0.79 = 0.027 M
```

Sehemu kubwa ya hiyo 0.027 ni kaboni dioksidi iliyoyeyuka tu, wala haijawa H₂CO₃. Usijisumbue kuitenganisha, kwa sababu thamani ya Ka1 iliyo kwenye majedwali, 4.3 × 10⁻⁷, imepimwa kwa kuzihesabu zote mbili pamoja.

Sasa mtengano wa kwanza. Asidi inatoa ioni moja ya haidrojeni na kubaki bikaboneti. Kila moja ikiwa x:

```
H2CO3 ⇌ H+ + HCO3-
x² / (0.027 - x) = 4.3 × 10^-7
```

Kwa kuwa Ka1 ni ndogo sana, chukulia kwamba 0.027 - x ni 0.027 ile ile. Basi x² ni 1.16 × 10⁻⁸, na kipeuo chake cha pili ni 1.08 × 10⁻⁴. pH ni 3.97. Kabla ya kushangilia, gawanya x kwa 0.027: unapata asilimia 0.4. Iko chini sana ya asilimia 5, kwa hiyo kurahisisha kwetu ni halali.

Hapa ndipo swali la mtengano wa pili linapokuja, na ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Andika mlingano wake:

```
HCO3- ⇌ H+ + CO3(2-)
Ka2 = [H+][CO3(2-)] / [HCO3-] = 4.7 × 10^-11
```

Tazama kilicho juu na kilicho chini. Hatua ya kwanza ilizaa haidrojeni na bikaboneti kwa kiasi sawa, 1.08 × 10⁻⁴ kila moja. Zinakatana. Kinachobaki ni kwamba ukolezi wa kaboneti ni Ka2 yenyewe, 4.7 × 10⁻¹¹, hata ungeanza na asidi mara mbili zaidi. Kila kaboneti moja imeleta haidrojeni moja ya ziada, kwa hiyo nyongeza nayo ni 4.7 × 10⁻¹¹. Ilinganishe na 1.08 × 10⁻⁴: ni kama ioni moja kati ya milioni mbili na zaidi. Hata maji yenyewe yanachangia kuliko hapo, karibu 9.3 × 10⁻¹¹, na hakuna anayeyahesabu.

Mwanafunzi wangu alikosea wapi? Alizidisha Ka1 kwa Ka2, akaandika kwamba asidi inatoa haidrojeni mbili kwa mkupuo, kisha akatatua 4x³. Kuzidisha si kosa. Kosa ni kudhani kila haidrojeni mbili zina kaboneti moja, yaani bikaboneti haipo kabisa. Nilimwambia aweke jibu lake, haidrojeni 1.03 × 10⁻⁶, ndani ya Ka1. Bikaboneti ikatoka 0.011 M, mara elfu kumi ya haidrojeni. Chaji hasi zote hizo zingesawazishwa na nini? Akacheka, akafuta.

Ukipima mwenyewe, acha gesi iendelee kububujika wakati unasoma mita. Bika ikikaa wazi gesi inatoroka na pH inapanda polepole. Na kama gesi umeitoa kwenye marumaru na asidi haidrokloriki, ipitishe kwanza katika maji yenye bikaboneti ya sodiamu, la sivyo ukungu wa asidi utakushushia pH.

Njia hii ina mpaka wake. Tia magadi kidogo tu, yale ya kulainishia maharagwe, na haidrojeni haitakuwa tena sawa na bikaboneti, kwa sababu sodiamu imeingia kubeba chaji. Kukatana kule kunakufa. Hapo tumia uwiano wa Ka2 kwa [H+]: mpaka pH 8.3 kaboneti bado ni kama asilimia 1 ya bikaboneti, lakini kwenye 10.3 zinalingana, na mtengano wa pili lazima uingie kwenye hesabu.